Kabla ya posa, ugaweni urithi wa marehemu

*Nina miaka 51, naishi Kisauni, Mombasa. Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita, Mungu amrehemu. Wazazi wake walikuwa wameshatangulia. Ameniachia watoto watatu: wa kwanza wa kiume ana miaka 27, wa pili msichana wa 23, na kitindamimba wa kiume wa 16. Mwaka jana nilijuana na mtu wa miaka 58, amestaafu, aliachana na mkewe. Tumesikizana na anataka kuleta posa. Nilipomwambia mwanangu mkubwa alisema nikiolewa nisimwite mwanangu tena. Sasa ni wiki ya sita, baina yetu ni salamu tu. Mawifi zangu wako upande wake. Je, ninakosea? Na anaweza kunizuia?*

Dada yangu, hukosei, na hawezi kukuzuia. Eda yako ilikuwa miezi minne na siku kumi, ukaikalia ikaisha. Tangu siku ile uko huru kuposwa.

Hilo la kuzuia nataka ulielewe vizuri, kwa sababu nimeona vijana wengi wanaoamini kwamba mama hawezi kuolewa bila idhini yao, na nimeona akina mama wakiamini vivyo hivyo. Wengi wetu wa pwani ni watu wa madhehebu ya Shafi. Katika Shafi, mtoto wa kiume hawi walii wa mamake kwa kuwa tu ni mwanawe. Walii wako ni babako kama yu hai, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu yako wa kiume wa baba na mama mmoja, kisha wa baba mmoja, kisha wana wao, ndipo ami zako. Nawe, kwa kuwa umeshaolewa, kimya chako hakihesabiwi kuwa ni ridhaa. Lazima utamke mwenyewe kwamba umekubali. Walii naye akikataa bila sababu ya kisheria, unaweza kwenda kwa kadhi, naye ana uwezo wa kusimama mahali pake akakuozesha.

Kwa hiyo kama walii wako yuko radhi, ndoa yako haina kizuizi. Lakini najua hukuniandikia kwa sababu ya ndoa. Umeniandikia kwa sababu kuna mtu anapita ukumbini kila asubuhi anasema "shikamoo" huku ameangalia mlango, na ni wewe uliyemzaa.

Kuna jambo hukulitaja, na kwa sababu hukulitaja nimesoma barua yako mara mbili. Nyumba mnayokaa ni ya nani, na je, urithi wa marehemu uligawanywa? Nakisia haukugawanywa. Katika wajane wanaonijia, wengi wao wenye watoto wakubwa haukugawanywa, na si kwa ubaya. Mzee akifa, arobaini ikipita, nani atakayeinua mdomo aseme "haya, tugawane"? Inaonekana kama kumtoa marehemu nyumbani mwake kwa mara ya pili. Basi mama anabaki ndani, anakusanya kodi ya vyumba vya uani, anasomesha, anatengeneza paa, maisha yanaendelea. Miaka minne haisemwi kitu kwa sababu hapana aliyekuwa na haja ya kusema.

Halafu anatokea mwanamume. Siku ile ile kijana anaanza kuhesabu. Hajui sheria, anajua tu kwamba nyumba ya babake iko mkononi mwa mamake, na mkono wa mamake unakwenda kushikwa na mtu mwingine. Hawezi kukwambia hivyo, maana ataonekana ana tamaa, na huenda hata yeye hajijui kwamba ndilo linalomkereketa. Kwa hiyo anasema maneno makubwa zaidi: usiniite mwanao.

Ndiyo maana nasema posa isubiri kidogo. Urithi utangulie.

Hebu tuihesabu pamoja. Tuseme mali yote ya marehemu ni nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 8, baada ya kutoa gharama za maziko, madeni na wasia kama aliacha. Na usisahau: kama kuna sehemu ya mahari yako ambayo hakuwahi kukulipa, hilo nalo ni deni, linatoka kabla ya kugawanywa chochote. Mke aliyeachwa na watoto anapata thumuni, yaani 1/8. Hiyo ni milioni 1. Milioni 7 zinazobaki ni za watoto, mvulana mara mbili ya msichana, kwa hiyo zinakatwa mafungu matano: kila mvulana mawili, ambayo ni milioni 2.8, na binti moja, ambalo ni milioni 1.4. Mawifi zako hawana hata shilingi. Marehemu aliacha watoto wa kiume, na mtoto wa kiume huwafungia mlango ndugu wa marehemu. Wana haki ya kumlilia kaka yao. Katika nyumba hawana neno.

Sasa chukua lile linalomtisha mwanao. Umeolewa, na Mungu akakuchukua wewe kabla ya mume mpya. Atarithi nini? Mume aliyefiwa na mke mwenye watoto, hata kama si watoto wake, anapata robo ya mali ya mkewe. Mali yako wewe ndani ya nyumba ile ni ile milioni 1. Robo yake ni shilingi 250,000. Hicho ndicho kiasi cha juu ambacho mtu huyo anaweza kukipata kwa urithi kutoka kwenye nyumba ya milioni 8, sehemu moja kati ya 32. Milioni 7 hazimhusu kabisa, na hazikuhusu hata wewe. Ni za mwanao na nduguze tangu siku babao alipofariki, uolewe usiolewe.

Nimewahi kuiandika hesabu hii kwenye karatasi mbele ya kijana aliyekuwa hajanitazama usoni saa nzima. Aliivuta karatasi akaisoma tena, kisha akauliza, "Hii ya robo ya thumuni, hata akifa bila wasia?" Nikamwambia ndiyo. Mabega yake yakashuka. Hakukubali mamake aolewe siku ile, lakini kuanzia hapo tuliweza kuzungumza juu ya mamake badala ya juu ya mwizi asiyekuwepo.

Thumuni yako haipotei ukiolewa. Nalisema hili kwa sababu wapo watakaokwambia kwamba mjane akiolewa anaacha kila kitu mlangoni. Hilo wamelitoa katika Sheria ya Urithi ya Kenya, ambayo iliandika kwamba mjane akiolewa tena anapoteza haki yake ya kutumia mali ya marehemu maisha yake yote. Sehemu hiyo imepingwa mahakamani kwa kuwa inambagua mwanamke. Nawe ni Mwislamu, na urithi wa Mwislamu unagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Thumuni ni milki yako kama kanga zako zilivyo zako.

Kabla hujaenda kokote, angalia mambo mawili kuhusu nyumba yenyewe. Kisauni na Majengo nyumba nyingi hazina ardhi: ukuta ni wa marehemu, kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi au mwaka mnalipa kodi ya ardhi. Kama yenu ni hivyo, kinachorithiwa ni nyumba, na thamani yake ni ndogo kuliko mnavyodhani. Tafuta risiti za kodi ya ardhi, maana ndizo ushahidi wenu. Jambo la pili, je, ulitia pesa zako mwenyewe katika kujenga? Kama vyumba viwili vya uani uliviezeka kwa pesa za upatu au biashara yako ya mahamri, sehemu hiyo si urithi, ni yako tangu mwanzo. Lakini utatakiwa kuithibitisha: risiti za mabati, fundi aliyelipwa na wewe, wanachama wenzako wa upatu wanaojua mwezi ule ulipokea kiasi gani na ulikipeleka wapi. Litaje mapema na mbele ya watoto. Likizuka baada ya posa litaonekana limetungwa.

Kesi yenyewe inapelekwa Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010 inaipa mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kusikizwa humo. Chukua cheti cha kifo, cheti chako cha ndoa, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya chifu inayotaja warithi wote, na hati au risiti za nyumba. Kitindamimba wako hajafika miaka 18, kwa hiyo fungu lake litalindwa mpaka akue, na hiyo peke yake inatosha kuizuia nyumba isiuzwe kiholela. Kugawa hakulazimu kuuza. Mnaweza kubaki nayo, kila mmoja akajua lake, na kodi za vyumba zikagawanywa kwa mafungu yale yale.

Hapa nataka nikuonye juu ya kosa ninaloliogopa zaidi kwa mwanamke wa umri wako. Mama mmoja wa Mtongwe, mjane kama wewe, alitaka sana mwanawe amkubalie. Akampa thumuni yake yote kama hiba, akatia sahihi mbele ya mashahidi, kijana akaja kwenye nikahi na kula pilau. Ndoa ile haikukaa miaka miwili. Mama aliporudi, chumba chake kilikuwa kimepangishwa. Mwanawe hakuwa mtoto mbaya, alikuwa ameoa na mkewe ana mimba na pesa hazitoshi. Mama alilala kwa dadake miezi minane. Hiba ikishatolewa na kupokelewa, kuidai ni kazi ngumu na ni aibu. Kwa hiyo usinunue ridhaa ya mwanao kwa fungu lako. Kama mambo ya huko uendako yataharibika, ile 1/8 ndiyo mlango wako wa kurudia.

Karatasi itaondoa hofu ya nyumba. Ikiondoka ndipo utaona kilichokuwa chini yake, na hicho hakina hesabu.

Yule kijana wa karatasi alirudi peke yake wiki iliyofuata. Alikaa, akazungushazungusha simu mkononi, akaniambia kazi yake, akaniambia joto la siku hizi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Atalala kitanda kile?" Nikamuuliza kitanda gani. Akasema kile cha mvule ambacho babake alikiagiza kwa seremala, na ndicho alichofia. Siku zote zile alizokuwa akigomba na mamake, hilo ndilo lililokuwa kifuani.

Basi dada, kabla hujapanga chochote kuhusu harusi, pita ndani ya nyumba yako ukiangalia kwa macho ya mwanao. Kitanda. Kiti cha barazani ambacho hakuna anayekikalia baada ya magharibi. Kofia na bakora nyuma ya mlango. Nafasi ya kuegesha pikipiki. Mpe mwanao mwenyewe kofia za babake azihifadhi. Kitanda kimalizieni pamoja: kiende kwa binti, au kwa jamaa, au kiuzwe na pesa zitolewe sadaka kwa niaba ya marehemu. Na kama mnaweza, msianze maisha yenu katika nyumba ile kabisa. Pwani hapana aibu mume kuhamia kwa mke, bibi zetu wengi walikuwa na nyumba zao na waume wakiingia na masanduku. Lakini nyumba hii haijawa yako peke yako. Ukiwa na mume wako katika vyumba viwili vya kupanga Tudor au Bamburi, mwanao atakuja kukusalimia kwako. Mkiwa Kisauni, atahisi kwamba mgeni anampokea yeye nyumbani kwa babake.

Katika mazungumzo usimlinganishe marehemu na mtu huyu, hata kwa wema. Usiseme "na yeye ni mtu wa swala kama babako." Mtoto anasikia kwamba babake amepatiwa badala. Mzungumzie marehemu kwa jina lake, simulia kitu alichokifanya, na hitma ya mwaka isomwe kama kawaida, mume mpya akiwepo au asipokuwepo. Mwanamume wa miaka 58 anayeshindwa kustahimili hitma ya marehemu, dada, mfikirie tena.

Na huyo kijana wa miaka 16 mwambie kivyake, mkiwa wawili. Huyo ndiye atakayeishi nanyi, na mara nyingi hakuna anayemuuliza kitu kwa sababu mkubwa ndiye anayepiga kelele.

Nije kwa mtu wako. Umeandika "aliachana na mkewe." Neno hilo kwetu lina maana nyingi mno. Mwanamume akitoa talaka moja au mbili, mke yumo ndani ya eda ya tohara tatu, au miezi mitatu kama hedhi imekatika, na katika muda huo anaweza kumrejea bila nikahi mpya. Wapo wanaosema "nimemwacha" na hawajatamka talaka, wamehama chumba tu. Wapo waliotamka lakini hawakuandikisha popote. Ndoa yako itasihi hata akiwa na mke, kwa sababu dini inamruhusu zaidi ya mmoja. Tatizo ni kwamba utakuwa umeingia uke wenza bila kujua, na siku akifa thumuni ya mjane mtaigawana wawili na mtu ambaye hukuambiwa yupo. Kwa hiyo mwombe cheti cha talaka. Usione haya. Mwambie walii wako akiombe. Ni kazi yake na kwa mtu mkweli hilo halimkeri.

Muulize pia anatoa matumizi kwa watoto wangapi, na wanajua habari zako? Nao wana hofu ile ile ya mwanao, maana akifa yeye, thumuni ya mali yake ni yako. Ukikutana na dadake na watoto wake mchana, kwao, na ukapewa chai, hiyo ni dalili njema kuliko maneno yote ya simu ya usiku. Anayetaka nikahi ya siri "mpaka watoto wazoee", anayekuja baada ya isha tu, au aliyeanza kukukopa kabla ya posa, huyo msimamishe hapo hapo. Nikahi yenyewe ifungishwe na mtu mwenye idhini, mpate cheti cha ndoa. Bila cheti, siku ya mirathi utasimama mbele ya watoto wake ukiombwa ushahidi kwamba uliolewa.

La mwisho nalisema haraka kwa sababu najua hutamuuliza mtu mwingine. Kapimeni damu wote wawili kabla ya nikahi: Ukimwi, kaswende na homa ya ini aina ya B. Kipimo cha Ukimwi hakionyeshi maambukizi ya wiki chache zilizopita, kwa hiyo rudieni baada ya miezi mitatu kama kuna shaka. Na kama hedhi imeshakatika, huenda ukapata ukavu na maumivu katika faragha. Si kwamba mwili umekataa, ni homoni zimepungua. Famasi wanauza vilainishi vya maji, na yasipotulia, daktari wa wanawake ana krimu ya kupaka ukeni. Usivumilie maumivu ukamfanya mtu adhani humtaki.

Sasa anza hivi. Usimtaje mtu wako kwa mwanao wiki hii wala ijayo. Nenda kwa chifu ukaombe ile barua ya warithi, kwa sababu hapo ndipo mambo hucheleweshwa. Ukishaipata, wakalishe watoto wote watatu siku ya Jumapili baada ya chakula, mualike na walii wako. Waambie unataka kila mmoja apate haki yake kwa babake, na unaomba samahani kwa kuchelewa miaka minne. Weka karatasi ya hesabu mezani, mwache mwanao mkubwa aisome mwenyewe, na umwombe yeye ndiye akusindikize kwa kadhi. Njiani, kwenye matatu, huenda asiseme neno. Usilijaze pengo hilo. Akikuuliza habari za yule mtu, hata kama ni baada ya mwezi, mjibu alichouliza tu.